Kabla Kufuli Tatu Hazijafunguliwa: Hotuba ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Hii ni hotuba iliyotolewa na katibu wa kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana siku ya mkutano mkuu na mgao. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini, wanaouguza, na wale waliofika hesabu ikiwa imeshafungwa.

Mwenyekiti wa mtaa wetu, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwenyekiti wa kikundi, mama zangu, baba zangu, dada na kaka, vijana mlioketi kule nyuma karibu na sufuria za pilau: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kikundi hoyee!

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba kila mmoja anyanyue kidole kimoja. Hivyo hivyo. Sasa jaribu kufungua kisanduku kile pale mezani kwa kidole hicho. Huwezi. Kina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwenye mifuko ya watu watatu wanaokaa nyumba tatu tofauti. Mwenyekiti hana ufunguo. Mweka hazina hana ufunguo. Mimi katibu, mnayeniona na kalamu masikioni mwaka mzima, sina ufunguo. Anayelala na kisanduku nyumbani kwake ndiye kabisa hana. Chawa wetu sisi ni wizi, na tumemwekea vidole vitatu ambavyo lazima vikutane hapa, mbele ya macho yenu, ndipo kitu kifunguke.

Najua kilichowaleta leo. Mmekuja kuchukua fedha, na sitawachelewesha sana. Lakini kila mwaka, kisanduku kikishafunguliwa na noti zikaanza kuhesabiwa, kuna mtu ananong'ona: "Mbona yangu imekuwa hii? Nani kapanga?" Naomba leo tujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Hesabu zetu halisi atazisoma mweka hazina nikimaliza. Mimi nitatumia hesabu za kikundi cha mfano, kwa sababu mtu akitajiwa fedha yake mwenyewe akili huhamia mfukoni na masikio yanabaki wazi tu.

Tuanze na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini daftari zetu hazina maandishi, zina mihuri tu? Kwa nini kila mkutano unaanza kwa kuulizana mambo kwa mdomo, kama watoto wa darasa la kwanza?

Njia hii tunayotumia ilianza kwenye eneo la Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Baadaye ikaenea nchi nyingi za Afrika, na hata kwetu ikafika mapema, pale Unguja kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Sasa, kama wanachama hawasomi, fedha yao inalindwa na nini? Inalindwa na kitu ambacho kila mtu anaweza kukiona, kukihesabu na kukikumbuka. Muhuri mmoja ni hisa moja. Mihuri mitatu ni hisa tatu. Hata asiyejua herufi anajua mihuri mitatu inavyofanana.

Katika kikundi chetu cha mfano hisa ni shilingi 2,000. Kila wiki mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, hapungui moja wala hazidi tano. Kwenye daftari lake kila wiki ina mstari wenye vyumba vitano. Akinunua hisa tatu, anagongewa mihuri mitatu, vyumba viwili vinabaki wazi. Je, vyumba hivyo viwili tunavifanyaje? Tunavipiga mstari kwa kalamu ya wino. Pale pale. Kabla daftari halijarudi kisandukuni.

Wengine wanaona ni usumbufu. Sikilizeni basi kisa cha kikundi kimoja, ambacho kingeweza kuwa kikundi chochote. Mstari ule ulisahaulika, kwanza wiki moja, halafu ikawa mazoea. Kisha akatokea mwanachama mwenye moyo mzuri, akasema daftari zimechakaa, nipeni nikazifunike na nailoni nyumbani. Zikatoka kisandukuni. Zikarudi zinang'aa, na ndani ya moja mihuri imeongezeka, mmoja hapa, miwili pale, jumla mihuri 20. Nani atagundua? Hakuna aliyegundua hadi siku kama ya leo, hisa zote zilipohesabiwa zikawa 20 zaidi ya zile ambazo fedha yake iliingia. Hisa 20 ni shilingi 40,000 ambazo hazikuwahi kupita mezani, na bado zinadai kulipwa pamoja na faida.

Mtu anagunduaje jambo hili mapema? Katibu anaandika kila wiki jumla ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Wahesabu fedha wanahesabu noti zilizoko kwenye bakuli. Zikiuzwa hisa 75, bakuli linatakiwa liwe na shilingi 150,000. Likiwa na 148,000, hatuondoki. Tunatafuta hisa moja imekwenda wapi tukiwa bado tumekaa, kila mtu kwenye kiti chake, kwa sababu wiki ijayo hakuna atakayekumbuka. Ndiyo maana daftari zinalala kisandukuni pamoja na muhuri na wino wake. Daftari lako ni mali yako, lakini nyumbani haliendi. Ukitaka kumwonyesha mumeo au mkeo, mlete hapa siku ya mkutano.

Na ule ukumbusho wa mdomo? Mkutano ukiisha, mweka hazina anatangaza kwa sauti: "Mfuko wa mikopo umebaki shilingi 212,000. Mfuko wa jamii una shilingi 86,500." Sote tunarudia. Wiki inayofuata, kufuli zikifunguliwa, kabla noti haijaguswa, tunaulizwa: ilikuwa ngapi? Watu 20 wakisema 212,000, halafu ikahesabiwa 192,000, sote tunajua kwa wakati mmoja kwamba kati ya mkutano na mkutano mtu ameingiza mkono. Hakuna kusema "labda nilisahau." Kichwa kimoja husahau. Vichwa 20 kusahau namba ile ile, kwa kiasi kile kile? Hapana.

Wanachama wenzangu, sasa nafika kwenye kiini cha leo. Mgao.

Kuna watu bado wanachanganya kikundi hiki na upatu. Upatu ni mchezo mzuri, sijausema vibaya: kila mtu anatoa sawa, anapokea mmoja, kesho mwingine. Ukitoa jumla ya shilingi 240,000, utapokea shilingi 240,000, tofauti ni zamu tu. Hapa kwetu fedha haizunguki kwa zamu. Inakaa kwenye mfuko mmoja, inakopeshwa, inarudi na riba, na riba ile inakuwa yetu sote kwa kadiri ya hisa. Kwa hiyo swali la leo ni moja tu: hisa moja iliyonunuliwa kwa shilingi 2,000, leo inauzwa shilingi ngapi?

Chukueni kikundi cha watu 25. Kimekutana wiki 48. Mwingine alinunua hisa moja moja, mwingine tano tano, lakini kwa wastani ni hisa 75 kwa wiki. Mwisho wa mzunguko zimekuwa hisa 3,600. Zidisha kwa 2,000. Akiba yote ni shilingi 7,200,000.

Fedha hiyo haikulala. Ilikopeshwa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mama lishe akichukua 300,000 kwa miezi mitatu, kwa hesabu ya moja kwa moja analipa 15,000 kila mwezi, jumla 45,000. Mkopo mmoja baada ya mwingine, mwaka mzima riba ikafika shilingi 1,404,000. Faini za kuchelewa na za simu kulia mkutanoni (mnajijua) zikawa 90,000. Matumizi, yaani daftari mpya, wino wa muhuri, kalamu na kufuli moja iliyoshika kutu, yakatoa 54,000. Jumlisheni: 7,200,000 na 1,404,000 na 90,000, toeni 54,000. Inabaki shilingi 8,640,000.

Gawanya kwa hisa 3,600. Ni shilingi 2,400 kwa kila hisa.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Hatugawi faida peke yake halafu akiba peke yake. Hatugawi kwa vichwa. Tunachukua fedha yote ya mfuko wa mikopo, tunaigawa kwa hisa zote, tunapata bei ya leo ya hisa moja. Mwenye hisa 60 aliweka 120,000, anaondoka na 144,000. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anaondoka na 288,000. Aliyejaza vyumba vyote vitano kila wiki ana hisa 240. Aliweka 480,000 na anaondoka na 576,000. Bei ni ile ile kwa mwenyekiti na kwa kijana aliyejiunga bila hata kiti cha kukalia.

Nasikia swali kule. Hisa niliyonunua wiki ya kwanza imefanya kazi mwaka mzima. Hisa aliyonunua jirani yangu wiki ya 47 haijafanya kazi yoyote. Mbona zote ni 2,400? Swali zuri, na jibu la kweli ni kwamba hapo kuna kaupendeleo kadogo. Tumekakubali kwa makusudi, kwa sababu kukokotoa riba ya kila hisa kwa wiki zake kunahitaji mtu mmoja mwenye kompyuta, na siku mtu huyo akiwa ndiye pekee anayeelewa hesabu, kikundi kimekuwa chake. Lakini hatukuacha mlango wazi. Ule ukomo wa hisa tano ndio kitasa chake. Bila ukomo, mtu angesubiri wiki ya 47, akauza ng'ombe, akanunua hisa 500, akavuna riba iliyotokana na jasho la wenzake. Kwa hiyo anayekuja kuomba "leo tu, niruhusuni hisa kumi, nimepata fedha," jibu ni hapana, hata akiwa mtu mzuri kiasi gani. Kitasa hakiangalii sura.

Hatua za leo zitakwenda hivi, na naomba mzifuate kwa macho. Mfuko wa jamii unatolewa kwanza, unahesabiwa, unatangazwa, unafungwa kwenye mfuko wake wa kitambaa na kuwekwa pembeni. Huo haumo kwenye mgao. Kila mtu aliuchangia sawa, ni wa misiba, wagonjwa na ajali, na unavuka nasi kwenda mzunguko mpya. Ukichanganyika na fedha ya hisa, wenye hisa nyingi watakuwa wamekula mchango wa msiba wa wenye hisa chache bila kujua.

Halafu fedha ya mikopo inahesabiwa na mhesabu wa kwanza, kisha inavurugwa na kuhesabiwa upya na wa pili, ambaye hatakiwi kusikia ya mwenzake. Zikifanana, tunaendelea. Kisha daftari moja moja linasomwa kwa sauti, mwenye daftari anakubali idadi ya hisa zake, na jumla inalinganishwa na daftari la katibu. Hapo ndipo tunagawanya.

Kugawanya kuna mtego mmoja mdogo, nao ni ushei. Mara nyingi jibu haliji safi kama 2,400. Litakuja 2,413 na ushei. Tunalipa ngapi? Tunashusha, tunalipa 2,410, na kinachobaki kinaingia mfuko wa jamii. Kuna kikundi kiliona aibu kushusha, kikasema tuwape watu 2,420 wafurahi. Shilingi sita na ushei ni kitu gani? Kwa hisa 3,600 ni zaidi ya shilingi 21,600. Kila mtu akalipwa vizuri, kwa shangwe, mpaka alipofika wa mwisho kwenye foleni. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mpole aliyewapisha wengine. Noti ziliisha mbele yake. Furaha ya watu 24 ilikuwa imelipwa na bibi.

Ukishalipwa, hesabu fedha yako hapo hapo mezani, si nje. Weka sahihi au dole gumba. Kurasa za mwaka huu zinapigwa mkwaju wa kalamu kutoka kona hadi kona, ili mwakani mtu asije akatudai mihuri iliyokwisha kulipwa.

Ndugu zangu, sasa nitasema neno zito kidogo. Yote niliyosema yanakaa kwenye sharti moja: mikopo yote iwe imerudi. Dawa ya deni ni nini? (Kulipa!) Dawa ya deni ni nini? (Kulipa!) Na asipolipa?

Turudi kwenye kikundi chetu cha mfano. Tuseme mwanachama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, ana hisa 100, yaani akiba ya 200,000. Katiba inaruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba, akakopa, akalipa kidogo, mvua zikaharibu dagaa. Siku ya mgao bado anadaiwa 450,000. Kwenye daftari fedha ni 8,640,000. Kwenye kisanduku ni 8,190,000.

Kwanza hisa zake zinakatwa. Hisa 100 kwa 2,400 ni 240,000. Bado pengo la 210,000. Pengo hilo linalipwa na nani? Gawanyeni 8,190,000 kwa hisa 3,500 zilizobaki. Bei inashuka kutoka 2,400 hadi 2,340. Shilingi 60 kwa kila hisa. Inaonekana ndogo? Mwenye hisa 120 amepoteza 7,200. Mwenye hisa 240, yule aliyejinyima kila wiki, amepoteza 14,400. Aliyeweka akiba kwa bidii kuliko wote ndiye amelipa sehemu kubwa kuliko wote ya deni ambalo hakulikopa. Mwakani mtu huyo atanunua hisa ngapi? Atanunua moja moja. Hivyo ndivyo vikundi vinavyokufa. Havifi kwa kelele. Mihuri inapungua tu, wiki hadi wiki.

Ndiyo maana tuna wadhamini wawili kwa kila mkopo. Yule wa dagaa angekuwa na wadhamini wa kweli, kila mmoja angekatwa 105,000 kwenye mgao wake, pengo lingezibwa, na wengine wote wangepata 2,400 yao kamili. Lakini udhamini wetu wengi ni wa huruma. Mtu anasema "weka jina langu tu." Kuanzia mzunguko ujao, mwenyekiti atamuuliza mdhamini mbele ya wote swali moja la wazi: "Asipolipa, uko tayari ukatwe?" Akisita, mkopo unasubiri. Na akijibu ndiyo, tunamtazama pia kama hisa zake zinatosha kukatwa. Kumdhamini mtu 200,000 wakati wewe mwenyewe una hisa kumi ni kumwazima koti usilo nalo.

Kwa kifo na ugonjwa mkubwa, tusisubiri msiba ndipo tujadili. Kifungu kiandikwe leo kwenye katiba: deni la marehemu linakatwa kwenye hisa zake, na kinachobaki kifunikwe na nini, kwa kiwango gani. Kujadili hilo mbele ya jeneza ni kutafuta ugomvi wa koo mbili.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu unavaa nguo nzuri. Mwanachama anadaiwa 300,000. Siku ya kulipa anakuja, anasema nimelipa, na dakika hiyo hiyo anaomba mkopo mpya wa 300,000. Katibu anaandika "amelipa," anaandika "amekopa." Daftari linapendeza. Je, kuna noti iliyogusa meza? Hakuna. Mkopo umefunikwa kwa mkopo. Miezi sita baadaye deni ni lile lile, limekomaa, na sisi tunapiga makofi. Dalili yake ni rahisi kuiona: wiki ambayo daftari linasema tumepokea marejesho makubwa lakini bakuli ni jepesi. Tiba yake: fedha iingie kwenye bakuli, ihesabiwe, na mkopo mpya uombwe mkutano unaofuata.

Na wapo wanaolipa kwa noti za kweli, tena zote kwa mpigo, wiki ya mwisho, baada ya kukosa marejesho mara tatu mfululizo. Tunashangilia. Tungeuliza kwanza zimetoka wapi. Mara nyingine zimetoka kwa wale wa kausha damu, ambako mama ameacha kadi yake ya benki au televisheni ya watoto, akitegemea mgao wa leo ukalipe kule. Mgao hautoshi. Tumemwokoa mwenzetu kwenye deni letu na kumsukuma kwenye deni baya zaidi. Anayekosa marejesho mara mbili mfululizo aitwe, akae na kamati, apangiwe upya kiasi anachokiweza. Mara mbili. Tusingoje ya tatu.

Nimalizie na ratiba, maana wengi wa wanaodaiwa hawakukosa nia, walikosa wiki. Mzunguko ni wiki 48. Mkopo wa miezi mitatu ukitolewa wiki ya 40, utarudi lini? Baada ya mgao! Tunakuwa tumejifungia deni sisi wenyewe. Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili: mkopo wa mwisho wa miezi mitatu utoke wiki ya 32. Mkopo wa mwisho wa mwezi mmoja utoke wiki ya 40. Wiki ya 44 mikopo yote iwe ndani, na wiki nne zinazobaki ziwe za kukimbizana na wachache waliokwama, kwa amani.

Mtauliza, wiki hizo nne kisanduku kitakuwa kimejaa, si hatari? Ni hatari, tena kubwa kuliko zote za mwaka. Mamilioni ndani ya kisanduku cha bati, chini ya kitanda cha mtu, na mtaa mzima unajua tarehe ya mgao. Kufuli tatu zinamzuia mwenzetu mwenye tamaa, hazimzuii jambazi anayebeba kisanduku chote begani. Fedha inayozidi kiasi tutakachokubaliana leo iende kwenye akaunti ya kikundi, benki au kwenye simu, yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja. Isiende kwenye simu ya mtu binafsi hata kwa usiku mmoja, kwa sababu simu ikiibiwa au mwenye simu akifariki, laini ni ya familia yake. Na akaunti ya kikundi inataka kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka vikundi vya namna hii daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Afisa wetu yuko hapa, atatuonyesha fomu baada ya chakula.

Jambo la mwisho la kupigiwa kura ni bei ya hisa. Nimesikia minong'ono kwamba ipande hadi 5,000, tupate mgao mnene. Kabla hamjanyanyua mikono, mtazameni mwenzetu mwenye kipato kidogo kuliko wote humu, bila kumtaja, na muwaze wiki yake mbaya kuliko zote: mtoto kaugua, biashara haikutoka. Wiki hiyo anaweza kutoa 5,000? Kama hawezi, hatakuja kusema hawezi. Hatakuja tu. Atatozwa faini ya kutohudhuria, ataona aibu, wiki ya tatu atatuma mtoto kuulizia daftari lake. Mwenye uwezo mkubwa ana vyumba vitano vya kupandia. Mwenye uwezo mdogo ana chumba kimoja tu, na bei ya hisa ndiyo sakafu yake. Maoni ya kamati ni ibaki 2,000. Kura ni yenu.

Sasa naomba sote tusimame. Washika funguo watatu, sogeeni mbele mkiwa na funguo mkononi. Wengine wekeni mkono wa kulia kifuani. Nitasema mstari, nanyi mtaurudia.

Mimi, mwanachama wa kikundi hiki, naahidi mbele ya wenzangu:
Nitanunua hisa kila wiki kwa kadiri ya uwezo wangu, walau moja.
Daftari langu halitatoka kisandukuni, na chumba kitupu hakitabaki bila mstari.
Nitaikumbuka namba ya wiki iliyopita, na nikiona pengo nitasema hapo hapo.
Nitakopa ninachoweza kurudisha, na kitakuwa kimerudi ifikapo wiki ya 44.
Sitafunika mkopo kwa mkopo.
Sitamdhamini mtu ambaye siko tayari kukatwa kwa ajili yake.
Nikikwama, nitasema mara ya kwanza, sitajificha hadi ya tatu.
Na mwenzangu akikwama, nitamfuata nyumbani kwake kwa staha, sitamtangaza sokoni.
Naahidi.

Kaeni. Mwenye ufunguo wa kwanza, karibu mezani.